Taski moja ikiharibika, nyingine ziendelee: maswali kuhusu MPU na hali ya mamlaka kwenye Cortex-M4

Maswali haya yametokana na kifaa nilichokitengeneza na ninachokihudumia mwenyewe: kidhibiti cha pampu ya kisima. Kinatumia STM32F411, yaani kichakataji cha Cortex-M4 cha biti 32, RAM ya kilobaiti 128 na flashi ya kilobaiti 512. Ndani yake zinaendeshwa taski tatu. Taski ya pampu hupima umbali kutoka kwenye mfuniko wa tangi hadi usawa wa maji, na huizima pampu umbali huo ukishuka chini ya sentimita 25. Taski ya ujumbe husoma SMS kupitia modemu, ili mwenye kisima aweze kuwasha na kuzima akiwa mbali. Taski ya skrini huonyesha namba, basi.

Usiku mmoja tangi lilifurika hadi asubuhi. Nilipofika, kifaa kilikuwa hai na skrini ilionyesha umbali sahihi kabisa. Kilichoharibika ni kikomo cha kuzimia pampu: badala ya 25 kilikuwa 0, na umbali hauwezi kushuka chini ya 0, kwa hiyo pampu isingezima kamwe. Taski ya pampu haikuwa na kosa lolote. Mkosaji alikuwa jirani yake, taski ya ujumbe, na majibu yaliyo hapa chini yanaeleza namna ya kumzuia jirani wa aina hiyo.

## Taski ya ujumbe iliwezaje kugusa kikomo cha pampu?

SMS moja ya herufi za kawaida hubeba hadi herufi 160. Nilitenga bafa ya baiti 160 na kunakili hivi:

```c
while (*chanzo) *mwisho++ = *chanzo++;
*mwisho = 0;
```

Ujumbe wa herufi 159 unatosha. Ujumbe wa herufi 160 kamili unajaza bafa yote, kisha ule mstari wa mwisho unaandika sifuri kwenye baiti ya 161, ambayo si ya bafa. Usiku ule liliingia tangazo la herufi 160. Linka ilikuwa imeweka kikomo cha pampu mara tu baada ya bafa. Kikomo ni namba ya biti 16, na 25 huandikwa `0x0019` huku baiti ya chini ikitangulia kwenye kumbukumbu. Sifuri ikaangukia hiyo baiti ya chini, 25 ikawa 0.

Kichakataji hakikuona kosa lolote, kwa sababu bila ulinzi kila taski ina haki ya kuandika popote kwenye RAM. Ndiyo maana kifaa hakikuanguka. Ningependelea kianguke, maana kingewaka upya na kikomo kingerudi 25.

## MPU inafanya nini hasa?

MPU ni kitengo cha kulinda kumbukumbu kilichomo ndani ya kichakataji. Kila mara programu inaposoma, inapoandika au inapochukua agizo la kutekeleza, MPU huangalia anwani husika iko katika eneo gani na nani anaruhusiwa kufanya nini hapo. Ikiwa hairuhusiwi, tendo halikamiliki, na kichakataji kinaruka kwenda kwenye hitilafu iitwayo MemManage.

Kwenye Cortex-M4 una maeneo 8. Kila eneo lina anwani ya mwanzo, ukubwa, ruhusa za mwenye mamlaka, ruhusa za asiye na mamlaka, na alama ya kukataza kutekeleza maagizo kutoka hapo. Maeneo mawili yakipishana, lenye namba kubwa ndilo linaloamua.

MPU haibadilishi anwani. Anayetoka kwenye Linux hutarajia kila taski iwe na anwani zake za kubuni, lakini hapa hakuna kitu hicho. Taski zote zinaona ramani moja ya kumbukumbu, ila kila moja inafungiwa milango tofauti.

## Kwa nini MPU peke yake haitoshi? Hali ya mamlaka inaingia wapi?

Kwa sababu MPU huwashwa na kuzimwa kwa kuandika kwenye rejista, na rejista hizo ni anwani kama nyingine. Taski yenye mamlaka iliyopotea njia inaweza kuandika 0 kwenye `MPU_CTRL` na ulinzi wote ukaondoka. Basi kwanza taski inyang'anywe mamlaka, ndipo maeneo yawe na maana.

Kichakataji kinapowaka kiko katika hali ya mamlaka. Biti ya 0 ya rejista `CONTROL`, iitwayo `nPRIV`, ikiwekwa 1, programu ya kawaida inaendelea bila mamlaka. Kuanzia hapo, kugusa rejista za mfumo, zikiwemo za MPU yenyewe, kunaleta BusFault. Wala taski haiwezi kujirudishia mamlaka kwa kufuta ile biti, kwa kuwa uandishi huo hupuuzwa. Njia pekee ya kurudi ni kupitia hitilafu, ukatizaji, au agizo la `SVC`, ambalo ni kama kubisha hodi kwenye kerneli: msimbo unaoshughulikia mambo hayo daima huendeshwa kwa mamlaka, na kerneli ndiyo inayoamua lipi litekelezwe.

Kuna mtego hapa uliowahi kunipotezea siku nzima. Agizo la kuzima ukatizaji, `CPSID i`, likitolewa na taski isiyo na mamlaka, halileti hitilafu. Linapuuzwa kimyakimya. Draiva ya zamani iliyokuwa ikijikinga kwa `__disable_irq()` itaendelea kukompailika na kuendeshwa, lakini kinga yake haipo tena. Kabla ya kumnyang'anya mtu mamlaka, tafuta agizo hilo katika msimbo wake wote na uliondoe au uligeuze kuwa ombi kwa kerneli.

## Niyapangeje maeneo? Nipe mfano kamili.

Kwa taski ya ujumbe nimetumia maeneo matatu tu. Eneo 0 ni flashi yote, kusoma na kutekeleza bila kuandika, na linabaki hivyo kwa taski zote. Eneo 1 ni RAM ya taski yenyewe, kilobaiti 1 kuanzia `0x20004000`. Eneo 2 ni rejista za USART2, mlango wa kuongea na modemu, kuanzia `0x40004400`. Kerneli inapobadilisha taski, hubadilisha pia maeneo 1 na 2:

```c
void weka_maeneo(const taski_t *t)
{
    MPU->RNR  = 1;
    MPU->RBAR = t->ram_mwanzo;   /* 0x20004000 */
    MPU->RASR = 0x13060013;      /* KB 1, wote RW, bila kutekeleza */
    MPU->RNR  = 2;
    MPU->RBAR = t->kifaa;        /* 0x40004400 */
    MPU->RASR = 0x13050013;
    __DSB();
    __ISB();
}
```

Mwanzoni kabisa, kabla ya taski yoyote, unawasha hivi:

```c
MPU->RNR  = 0;
MPU->RBAR = 0x08000000;
MPU->RASR = 0x06020025;          /* KB 512, kusoma tu */
SCB->SHCSR |= SCB_SHCSR_MEMFAULTENA_Msk
            | SCB_SHCSR_BUSFAULTENA_Msk;
MPU->CTRL = MPU_CTRL_ENABLE_Msk | MPU_CTRL_PRIVDEFENA_Msk;
__DSB();
__ISB();
```

Usisahau `PRIVDEFENA`. Inaipa kerneli ruhusa ya ramani yote ya kawaida pale ambapo hakuna eneo lililotajwa. Ukiiacha, na kerneli haina maeneo yake yenyewe, itajifungia nje mara tu MPU inapowaka. Usipowasha `MEMFAULTENA` nako, ulinzi bado upo, lakini kila kosa litapandishwa na kuwa HardFault, biti ya `FORCED` ikiwa imewaka kwenye `HFSR`.

RAM ya taski nimeipanga kwa makusudi: steki iko chini ya eneo, na bafa ya ujumbe iko juu kabisa, kuanzia `0x20004360` hadi `0x200043FF`. Steki hukua kuelekea chini, bafa hufurika kuelekea juu. Kila moja ikizidi kipimo inagonga mpaka. Ungeziweka kinyume, steki ingemwagikia data ya taski hiyohiyo na MPU isingesema neno, kwa kuwa ndani ya eneo lake taski ina haki ya kujiharibia.

Hapo ndipo ulipo ukomo wa ulinzi huu. MPU haizuii bafa kufurika. Inazuia kufurika kusivuke kwenda kwa mwingine. Bafa ikiwa katikati ya eneo, sifuri ile ya 161 itaangukia data nyingine ya taski ya ujumbe. Taski hiyo inaweza kuchanganyikiwa, lakini kikomo cha pampu kitabaki 25.

## Linka inalalamika au eneo linakuwa mahali nisipotaka. Kuna sheria gani za ukubwa?

Kwenye ARMv7-M, familia ya M3, M4 na M7, ukubwa wa eneo lazima uwe kipeo cha 2, kuanzia baiti 32, na anwani ya mwanzo lazima igawanyike kwa ukubwa huo bila baki. Eneo la kilobaiti 4 haliwezi kuanza `0x20000400`. Ukiandika hivyo hakuna onyo: biti za chini hazihesabiwi, eneo linaanzia `0x20000000`, na umeshafungua mlango usioukusudia. Kwa hiyo mwambie linka apange, kwa `ALIGN(1024)` kabla ya sehemu ya taski, kisha soma faili la ramani kwa macho yako.

Ukihitaji kilobaiti 3, tenga eneo la kilobaiti 4. Eneo lolote la baiti 256 au zaidi limegawanyika vijieneo 8 vilivyo sawa, hapa kila kimoja baiti 512. Zima viwili vya mwisho kwa kuweka `SRD` iwe `0xC0`, na ile kilobaiti ya mwisho itakuwa si ya taski tena.

## Taski ikivunja mpaka, kinatokea nini hatua kwa hatua?

Turudi kwenye lile tangazo la herufi 160, safari hii MPU ikiwa imewashwa. Taski ya ujumbe inanakili herufi hadi `0x200043FF`. Mstari wa mwisho unajaribu kuandika sifuri kwenye `0x20004400`, anwani ya kwanza ya eneo la taski ya pampu. Uandishi hautokei. Kichakataji kinasukuma maneno manane kwenye steki ya taski, yaani R0 hadi R3, R12, LR, PC na xPSR, kisha kinaingia MemManage kikiwa na mamlaka na kikitumia steki ya kerneli.

Ndani ya fanksheni ya hitilafu nasoma vitu vitatu. `CFSR` inasema `0x00000082`: biti ya 1, `DACCVIOL`, maana yake ni kusoma au kuandika data kusikoruhusiwa, na biti ya 7, `MMARVALID`, inathibitisha kuwa anwani iliyohifadhiwa ni ya kweli. `MMFAR` inasema `0x20004400`. Cha tatu ni PC, iliyoko baiti 24 juu ya `PSP`, kielekezi cha steki ya taski. Inaonyesha agizo lenyewe lililokosea, na kwa `addr2line` unapata faili na mstari: ule wa `*mwisho = 0;`. Kosa lililonichukua wiki kulitafuta linajitaja lenyewe kwa jina na anwani.

Kisha fanksheni inaandika hayo kwenye sehemu ya RAM ya kerneli isiyofutwa kifaa kikiwaka upya, inasafisha `CFSR` kwa kuandikia moja kwenye biti zilizowaka, inaiwekea taski alama ya kufa, na inaita PendSV, ukatizaji ambao kerneli huutumia kubadilisha taski. Kwa kuwa PendSV inasubiri, kichakataji kinaipitia hiyo kwanza kabla ya kurudi kwenye taski, kerneli inachagua taski nyingine, na agizo lililokosea halijaribiwi tena. Taski ya pampu haijui kama kuna mtu amekufa.

Usirudi kutoka MemManage bila kubadilisha taski. Agizo lilelile litakosea tena, na kifaa kitazunguka hapo milele.

## Steki ikifurika, hesabu ni ileile?

Hapana, na hili lisome kwa makini.

Tuseme taski ya ujumbe imeshuka hadi karibu na chini ya steki yake, kisha ukatizaji wowote ukatokea. Kichakataji kinasukuma yale maneno manane kwa ruhusa za taski iliyokatizwa, yanavuka mpaka, na `CFSR` inawaka biti ya 4, `MSTKERR`. Safari hii `MMARVALID` haiwaki, kwa hiyo `MMFAR` isikudanganye. PC iliyoko kwenye steki pia haiaminiki, kwa sababu usukumaji haukukamilika.

Hatari kubwa inafuata baadaye. PendSV, kabla ya kubadilisha taski, huhifadhi R4 hadi R11 kwenye steki ya taski: baiti 32, na baiti 64 zaidi kama taski inatumia rejista za desimali. PendSV ina mamlaka. Mipaka ya taski haiihusu. `PSP` ikiwa tayari iko nje ya eneo, kerneli yenyewe ndiyo itakayoandika juu ya kumbukumbu ya jirani, yaani mlinzi anamalizia kazi ya mwizi.

Dawa ni mbili na nazitumia zote. Kabla ya kuhifadhi, kerneli inahakikisha kwamba `PSP` ikitolewa 32, au 96 kwa taski ya desimali, bado iko ndani ya eneo la taski. Isipokuwa hivyo, taski inahesabiwa imekufa. Na taski ikishawekewa alama ya kufa, rejista zake hazihifadhiwi kabisa.

## Kerneli ina mamlaka. Taski ikiipa anwani mbaya je?

Itaharibu kwa mikono ya kerneli. Tuseme kuna ombi la `SVC` lisemalo "nisomee saa, uiandike hapa", na taski iliyopotea ikatoa anwani `0x20004400`. Kerneli isipokagua, itaandika juu ya pampu kwa utiifu wote. Kila anwani inayotoka kwa taski ikaguliwe pamoja na urefu wake:

```c
bool ni_yake(const taski_t *t, uint32_t a, uint32_t n)
{
    return n <= t->ram_ukubwa
        && a >= t->ram_mwanzo
        && a - t->ram_mwanzo <= t->ram_ukubwa - n;
}
```

Wengi huandika `a + n <= mwisho`. Jumla hiyo inaweza kuzunguka kupita `0xFFFFFFFF` na kurudi kuwa namba ndogo, nayo ikapita ukaguzi. Hapo juu nimetumia kutoa badala ya kujumlisha kwa sababu hiyo. Cortex-M4 ina pia maagizo `LDRT` na `STRT`, ambayo hata yakitolewa na kerneli hukaguliwa kana kwamba yametoka kwa asiye na mamlaka.

## Je, DMA nayo inapita kwenye MPU?

Haipiti. MPU inakagua kinachotoka kwenye kichakataji peke yake. DMA ina njia yake ya kufika kwenye RAM, na inaandika pale ilipoambiwa. Taski iliyopewa rejista za DMA imepewa RAM yote, hata kama eneo lake ni kilobaiti 1. Katika kifaa changu DMA iko mikononi mwa kerneli: taski inaomba kwa `SVC`, `ni_yake` inakagua, ndipo kerneli inaweka anwani na urefu.

Jambo la jirani na hili ni milango ya GPIO. Mlango mmoja wenye pini 16 unatumia rejista zilezile kwa pini zote, kwa hiyo MPU haiwezi kuwagawia taski mbili. Relei ya pampu niliihamishia kwenye mlango wake pekee. Hilo ni la kuamua wakati wa kuchora bodi, maana baadaye ni kukata njia za shaba na kuunga waya.

## Nimewasha MPU na `printf` au `HAL_Delay` inaanguka papo hapo. Kwa nini?

Kwa sababu zina data yao ya siri. `HAL_Delay` husoma kigeu `uwTick`, kilichoko kwenye RAM ya kawaida, na `printf` hutumia data ya ndani ya maktaba ya C. Taski yako haina ruhusa huko. Linganisha `MMFAR` na faili la ramani, utaona jina la kigeu. `uwTick` unaweza kuiweka kwenye eneo dogo la kusomwa tu na wote. `printf` mimi naiondoa kwenye taski, na maandishi yanatumwa kwa ombi la kerneli.

## Na kielekezi cha `NULL`?

Kwenye STM32, anwani 0 kwa kawaida ni kivuli cha flashi, hivyo kusoma kupitia `NULL` hakuleti hitilafu. Unapata namba za ovyo tu. Katika mpangilio huu taski haina eneo lolote linaloanzia 0, kwa hiyo inakamatwa, na `MMFAR` inaonyesha anwani iliyo 0 au karibu yake.

## Taski iliyokufa niiache au niiwashe upya?

Inategemea taski. Ya pampu ikifa, relei inazimwa kwanza na kifaa kizima kinawaka upya, kwa kuwa bila hiyo kifaa hakina kazi. Ya ujumbe inawashwa upya peke yake: kerneli inarudisha data yake ya mwanzo kutoka kwenye flashi, inaandaa steki mpya, inaachilia kufuli zozote ilizoshika, na inaweka USART2 sawa.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, taski ilikufa tena baada ya sekunde chache, ikafufuka, ikafa. SMS ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye laini. Taski ilipofufuka ilisoma ujumbe uleule kwa `AT+CMGR` na kugonga ukuta uleule. Sasa inafuta ujumbe kwa `AT+CMGD` mara tu baada ya kuupokea, kabla ya kuuchambua. Ujumbe wenye sumu unapotea pamoja na taski iliyoumeza. Juu ya hayo kerneli inahesabu: vifo vitatu ndani ya dakika moja, taski ya ujumbe inaachwa imelala na skrini inaonyesha alama ya hitilafu. Pampu inaendelea kujiendesha kwa kipimo cha maji.

Kumbuka kuwa taski inayozunguka bila mwisho haivunji mpaka wowote, na MPU haitaiona. Hiyo ni kazi ya kipima muda cha kerneli, na ya kipima muda cha uangalizi kinachowasha kifaa upya kisipoguswa kwa wakati.

## Haya yote yanapunguza kasi?

Kukagua anwani hakuongezi muda. Hufanyika sambamba na tendo lenyewe. Gharama iko kwenye kuandika rejista chache kila taski zinapobadilishana, na kwenye maombi ya `SVC`. Kuingia kwenye ukatizaji kwenye Cortex-M4 huchukua mizunguko 12, ambayo kwa megaheti 100 ni sehemu ndogo ya mikrosekunde. Kwa pampu, hata haionekani.

## Chipu yangu si M4. Nina MPU?

Soma `MPU->TYPE`. Kwenye M4 yenye MPU utapata `0x00000800`, yaani maeneo 8. Ukipata 0, hakuna. Cortex-M0 haina kabisa. M0+ inaweza kuwa nayo, kulingana na aliyetengeneza chipu. Kwenye Cortex-M33 sheria ni tofauti: eneo linatajwa kwa mwanzo na mwisho, vipimo vikienda kwa baiti 32, hakuna kipeo cha 2, na maeneo hayaruhusiwi kupishana. Msimbo ulio hapo juu hautafanya kazi huko bila kuandikwa upya.

Kama unatumia FreeRTOS, toleo lake lenye MPU hutengeneza taski isiyo na mamlaka kwa `xTaskCreateRestricted`. Ila ukaguzi wa ukubwa, mpangilio wa linka na suala la DMA bado ni juu yako.

## Nitajuaje kuwa ulinzi unafanya kazi kweli?

Uvunje mwenyewe. Kwenye toleo la majaribio, taski yangu ya ujumbe ina amri tatu za siri. Ya kwanza inaandika kwenye `0x20004400`; natarajia MemManage yenye `CFSR` ya `0x82`. Ya pili inaandika 0 kwenye `0xE000ED94`, ambayo ni `MPU_CTRL`; natarajia BusFault. Ikipita salama, maana yake taski bado ina mamlaka, na hilo hutokea ukisahau `nPRIV` kwenye njia ya kufufua taski huku umeikumbuka kwenye njia ya kuianzisha. Ya tatu inajiita yenyewe bila kikomo hadi steki ifurike. Baada ya kila moja naangalia kwa diboga kwamba kumbukumbu ya pampu haijabadilika hata baiti moja.

Jaribio la mwisho nalifanya kwa simu yangu, bila diboga. Naandika SMS ya herufi 160 kamili, naituma kwa kidhibiti kikiwa na msimbo wa zamani wa kunakili, kisha nalijaza tangi kwa mpira wa maji huku nikiangalia relei. Umbali ukishuka chini ya sentimita 25, relei inalia "tak" na pampu inazima.